Dakika Tano za Ziada

Siku ya kwanza ya mafungo ya kimya watu hulala. Waelekezi wenye uzoefu wanalijua hilo na hawamkemei mtu. Wengine humwambia mgeni wazi kwamba aende kitandani kwanza. Anayetoka mjini hufika na deni la usingizi la miezi, na akikaa kidogo tu kwenye kiti cha kikanisa kichwa kinaanguka. Taabu huja baadaye, deni likishalipwa, mwili umeamka vizuri, kazi hakuna, simu hakuna, wa kuongea naye hakuna, na saa ya ukutani inaonyesha kwamba bado ni saa nne na robo asubuhi.

Makala haya yanahusu hiyo saa nne na robo. Nitayaeleza kwa hadithi ya binti mmoja, tumwite Neema. Ni mtu wa kubuni, wala usimtafute Dar es Salaam, ila yanayompata humu ni yale yale yanayowapata wengi wanaoingia mafungo ya aina hii kwa mara ya kwanza.

Neema ana miaka 27 na kazi yake ni kupokea simu za wateja. Anavaa vifaa vya masikioni, anasema maneno yaliyoandikwa na wengine, na pembeni mwa kioo cha kompyuta kuna saa ndogo inayohesabu sekunde tangu mteja aseme haloo. Mazungumzo yakivuka kiwango, ile saa inageuka nyekundu na msimamizi anaiona. Jioni anapanda daladala kurudi Tabata huku kidole kinapandisha picha na video kwenye simu yake mwenyewe, na usiku simu hiyo inalala chini ya mto. Jumapili moja parokiani likatangazwa jambo: mafungo ya kimya ya siku nane kwa walei, kwenye nyumba ya masista nje kidogo ya Morogoro. Akaomba likizo. Kazini walicheka. Mwenzake wa meza ya jirani alimuuliza kama anajua kwamba siku nane ni zaidi ya wiki.

Wakatoliki wengi wanaposikia mafungo wanafikiria ile Jumamosi ya Kwaresima ambapo padri anahubiri asubuhi, watu wanaungama, wanakula pamoja, wanaimba na kurudi nyumbani. Haya ni mengine. Yanatokana na Inyasi wa Loyola, Mhispania mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyezaliwa mwaka 1491 na kufa mwaka 1556. Alikusanya maelekezo yake katika kitabu kidogo kiitwacho Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha mwaka 1548. Anayekifungua akitarajia maneno matamu atashangaa, kwani kimeandikwa hasa kwa ajili ya yule anayeongoza wengine: fanya hivi, likitokea lile muulize hili. Mazoezi kamili huchukua takriban siku 30. Watu wenye ajira na watoto hawana siku hizo, ndiyo maana siku nane zimekuwa kawaida.

Ratiba yenyewe ni nyepesi ukiisoma na nzito ukiiishi. Kila siku kuna vipindi vinne au vitano vya sala, saa moja kila kimoja, mtu peke yake na kifungu kifupi cha Biblia. Kila kipindi kikiisha, robo saa inatumika kutazama kilivyokwenda, na wengi huandika mistari michache daftarini. Kuna Misa, kuna chakula, kuna kutembea bustanini. Na mara moja kwa siku kuna kikao na mwelekezi wa kiroho, nusu saa au zaidi kidogo, ambapo ndipo pekee mtu anaruhusiwa kuongea. Hakuna mahubiri marefu wala mada. Msomaji Mwislamu ataona ujirani fulani na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani, mtu anapojifungia msikitini na kuiacha dunia nje, ingawa huko kuongea hakukukatazwa.

Jioni ya kwanza sista mwenye nyumba alipitisha bahasha za kaki. Kila mtu aliandika jina, akazima simu, akaitia humo. Hakulazimishwa mtu. Neema aliitia yake, na kabla ya kulala mkono wake ulikuwa umeshaitafuta chini ya mto mara kadhaa. Kesho yake, akiwa kikanisani, alihisi paja linatetemeka kama simu inaita, akashika mfuko wa gauni uliokuwa mtupu. Hilo linawapata wengi: ngozi iliyozoea kusubiri mtetemo huutunga yenyewe.

Sista alieleza pia jambo ambalo kwetu ni gumu kuliko simu. Katika siku hizi nane, alisema, hatutasalimiana. Mkikutana, inamisha kichwa kidogo, inatosha. Watu waliitikia kwa kichwa, lakini kuitikia ni rahisi. Asubuhi Neema alikutana ukumbini na bibi mmoja wa makamo ya mama yake mzazi, amevaa kitenge, rozari mkononi. Shikamoo ikapanda mpaka kooni ikakwama pale. Aliinamisha kichwa, yule mama naye akainamisha, wakapishana. Siku nzima Neema alijihisi mtoto asiye na adabu. Akaanza kumtungia yule mama mawazo: ameniona nina kiburi, atauliza binti huyu wa nani. Chakula cha mchana alikaa meza ya mbali ili asimtazame usoni, na chai ya jioni alisubiri mpaka yule mama amimine na kuondoka. Waelekezi wanaoongoza mafungo haya Afrika Mashariki hawana budi kulisemea suala la salamu mapema, kwani mtu anaweza kukaa siku mbili nzima akibeba hatia ya salamu asiyotoa badala ya kusali.

Siku ya pili ilipita kwa kusinzia. Siku ya tatu Neema aliamka mzima kabisa, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kifungu alichopewa ni kile cha Bartimayo, kipofu aliyekaa kando ya njia ya Yeriko. Inyasi anamtaka mtu aingie ndani ya tukio kwa mawazo: aone barabara, asikie umati, ajue yeye mwenyewe amesimama wapi. Neema aliingia vizuri. Aliona vumbi, aliona watu. Punde ile Yeriko ikawa Buguruni, wapiga debe wanaita, na yeye anawahi zamu. Akajirudisha. Akamwona tena yule kipofu, na papo hapo akaanza kumtungia ujumbe mwenzake wa kazini kumweleza jinsi mafungo yanavyokwenda. Alichagua hata vikaragosi vya kuweka mwishoni. Akajirudisha tena. Mguu ukaanza kucheza. Alifungua macho akiwa na hakika kwamba saa imeisha, akakuta zimepita dakika kumi na moja.

Kilichofuata kilikuwa cha mwili zaidi kuliko cha akili. Alibadilisha kiti. Alitoka kunywa maji. Alirudi, akasoma kibao chenye majina ya wafadhili wa kikanisa, akakisoma tena. Alihesabu vigae. Alikwenda chooni bila haja. Ilipofika saa nne na robo alikuwa chumbani, begi limefunguliwa kitandani, anakunja nguo.

Tusimcheke. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wa kawaida. Waliwaweka mmoja mmoja ndani ya chumba kitupu, bila simu wala kitabu, wakawaambia wakae tu na mawazo yao kwa dakika chache. Wengi walisema hawakufurahia. Katika jaribio moja kila mshiriki alionjeshwa kwanza mpigo mdogo wa umeme, na wanaozungumziwa hapa ni wale waliosema wangetoa hata pesa wasipigwe tena. Kisha wakaachwa peke yao kwa dakika 15, kitufe cha umeme kiko mbele yao. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza angalau mara moja, na wanawake 6 kati ya 24. Lilikuwa kundi dogo, na wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani hawawezi kuwasemea wanadamu wote. Ila ukilisoma jaribio hilo ukiwa umewahi kukaa saa moja kikanisani bila la kufanya, hutauliza kwa nini walibonyeza.

Na si suala la simu peke yake. Katika karne ya nne aliishi Evagri wa Ponto, aliyeacha mambo makubwa ya mji wa Konstantinopoli, akaishia jangwani Misri miongoni mwa wamonaki wanaokaa kila mmoja kwenye chumba chake. Alifariki mwaka 399. Aliandika orodha ya mawazo yanayomsumbua mtu aliye peke yake, na mojawapo aliliita akedia, ambalo wengine wamelitafsiri kuwa uvivu, ingawa anayelieleza haelezi mvivu hata kidogo. Anaeleza mtu asiyeweza kutulia. Wazo hilo, anasema, humvamia mmonaki kwenye saa ya nne na kumzingira mpaka saa ya nane. Walikuwa wakihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kupiga hesabu: ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jua linaonekana kusimama. Mmonaki anatoka nje kutazama limebakiza mwendo gani kufika saa tisa, ambayo ndiyo saa ya chakula. Anachungulia kama kuna mwenzake anakuja. Anaanza kukichukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Anaona ndugu zake hawampendi tena. Anakumbuka watu wa nyumbani. Anajiambia kwamba ziko sehemu nyingine ambako mtu angempendeza Mungu na kupata riziki kwa urahisi zaidi.

Weka begi la Neema kando ya maelezo hayo uone. Yule mama mwenye kitenge hampendi. Nyumba hii haina hata maua ya maana, angekwenda ile ya Bagamoyo aliyoisikia. Mama yake huenda anaumwa na yeye hapatikani. Halafu likaja wazo kubwa kuliko yote, likamwangukia kama jibu la sala: aache kazi. Akirudi tu aandike barua. Ana akiba kidogo, angefungua duka la vipodozi, ajiajiri, hii ndiyo sababu Mungu amemleta hapa. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

Saa tano alikuwa na kikao. Sista anayemwongoza ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kupewa kazi hii.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Habari ya asubuhi?"

Neema alisema yote kwa pumzi moja: Bartimayo, Buguruni, vigae, begi, kazi. Alitarajia kuonywa kwa kushindwa kusali. Sista alimwacha amalize.

"Ulikaa mpaka saa ikatimia?"

"Hapana, Sista. Nilitoka kwenye dakika ya arobaini hivi."

"Basi mchana ukikaa, usitoke kwenye arobaini, na usitoke kwenye sitini. Ongeza dakika tano."

"Hata kama sisali?"

"Hasa kama unaona husali."

Agizo hilo halikuwa la Sista. Limo mwanzoni mwa kitabu cha Inyasi, kwenye maelekezo kwa mwongozaji. Mtu akiwa katika faraja, anasema, kukaa saa nzima ni rahisi. Akiwa katika ukiwa, yaani ule ukavu na fadhaa ambamo sala haina ladha, atavutwa kupunguza. Ndipo akae kidogo kupita saa, ili azoee si kuhimili tu bali kugeuza mvuto ule. Inyasi hakutaja dakika ngapi. Tano ni kipimo cha Sista. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Anayetoka dakika ya arobaini kesho atatoka ya thelathini, kwa kuwa mwili umejifunza kwamba mguu ukicheza vya kutosha mlango unafunguliwa. Anayekaa hadi sitini na tano anagundua jambo ambalo hawezi kulijua kwa kuambiwa: kutotulia hupanda, hufika kilele, halafu hushuka, hata kama hujalifanyia lolote.

Kuna agizo jingine kwenye kitabu hicho ambalo naliona la ajabu zaidi. Mwongozaji akiona mtu haguswi na kitu chochote, hana furaha wala huzuni, siku zinapita shwari, basi hapo ndipo amhoji: anasali saa zile zilizopangwa? Anafuata maelekezo? Kwa hiyo binti aliyefunga begi saa nne na robo hakumtia Sista wasiwasi. Angemtia wasiwasi yule aliyekuja kila siku akisema kwamba yote ni mazuri.

"Na kuhusu kazi, Sista? Nimesikia kabisa moyoni."

"Tutaliongea. Si leo. Leo huamui kitu."

Ili kulielewa jibu hilo inabidi kurudi Hispania. Mwaka 1521 Inyasi alikuwa askari akilinda ngome ya Pamplona, na risasi ya mzinga ikamvunja mguu. Alirudishwa nyumbani Loyola akalazwa miezi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa na mabibi wao, havikuwepo. Vilikuwepo maisha ya Kristo na ya watakatifu tu. Basi akawa anasoma hivyo, na katikati anajiotea ndoto zake za zamani: silaha, sifa, bibi fulani wa hadhi ya juu. Ndoto hizo zilimpendeza sana wakati akiziota. Zikiisha, zilimwacha mkavu na mwenye manung'uniko. Alipojiotea kuishi kama watakatifu alipendezwa vilevile, ila baada ya ndoto kuisha furaha ilibaki. Ilimchukua muda kuiona tofauti hiyo. Alipoiona, alipata kipimo alichokitumia maisha yake yote: wazo halipimwi kwa utamu wake linapoingia, linapimwa kwa linachokiacha likishatoka.

Kipimo hicho kinahitaji muda, na fadhaa haitoi muda. Kwa hiyo Inyasi aliweka kanuni ambayo waelekezi huirudia hadi leo: ukiwa katika ukiwa, usibadilishe uamuzi uliokuwa nao kabla yake. Wazo la kuacha kazi huenda ni jema kabisa. Lakini limezaliwa na begi lililo wazi kitandani, na mtu anayetaka kutoka chumbani huweza kudhani anataka kutoka kazini.

Mchana Sista alimwongezea kitu kisichokuwa kwenye ratiba. Baada ya chakula aende jikoni, achambue mchele na mpishi, kimya kimya, mpaka sinia liishe. Desturi hii nayo ina wazee wake. Inasimuliwa kwamba Antoni wa Misri, baba wa wamonaki, alipolemewa na fadhaa hiyo hiyo jangwani alimwona mtu anayefanana naye: amekaa anasuka kamba, anainuka kusali, anakaa tena kusuka, anainuka tena. Akafanya vivyo hivyo. Mikono ikiwa na kazi ndogo, isiyo na haraka na isiyotaka maneno, akili hupata mahali pa kukaa. Mwelekezi anayemrundikia mtu mwenye fadhaa sala juu ya sala hajui kazi yake.

Kipindi cha saa kumi jioni Neema alikaa. Dakika za ishirini na kitu zilikuwa mbaya kama za asubuhi. Baadaye mguu ulitulia wenyewe, na chini ya ule mchezo wa mguu kulikuwa na kitu alichokuwa hajakitazama. Hakikuwa kitakatifu. Kilikuwa hasira. Alimkasirikia mdogo wake anayesoma chuo, ambaye kila tarehe 25 humtumia ujumbe wa "dada, naomba unisaidie", na baba yake ambaye humpigia kumkumbusha. Alikasirikia ile saa nyekundu. Wateja humtukana na yeye hujibu kwa sauti ile ile laini, na hasira yote hiyo hukosa pa kwenda, mpaka jioni kidole kinapoanza kupandisha picha kwenye simu. Aliongeza dakika tano akiwa amekunja ngumi.

Kesho yake alimwambia Sista kwamba amekaa saa nzima na amegundua ana roho mbaya.

"Nani kasema hasira ni roho mbaya? Uliipeleka kwa Bwana?"

"Nilijaribu kuituliza kwanza."

"Usiitulize. Leo rudia kifungu kile kile. Yule kipofu alipiga kelele, nao wakamwambia anyamaze. Alinyamaza?"

Kurudia ni sehemu ya njia hii. Mtu hapewi kifungu kipya kila mara. Anarudishwa pale alipoguswa zaidi, iwe ni kwa utamu au kwa uchungu, akae hapo. Wasiojua hudhani mwelekezi kaishiwa. Neema alirudia Bartimayo mara mbili siku hiyo, na mara ya pili alisema na Mungu maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu, tena kwa lugha ya Tabata. Alilia kidogo. Usiku alilala bila kupapasa chini ya mto. Siku ya sita alikaa bustanini saa nzima bila kutazama saa, na siku ya saba fadhaa ilirudi tena asubuhi, saa nne hiyo hiyo, akaitambua. Hakufungua begi.

Njia hii ina mipaka, na ni lazima isemwe hata na wanaoipenda. Kimya hakimfai kila mtu kila wakati. Aliyefiwa juzi, anayetoka kwenye tukio la ukatili, aliye katikati ya sonona au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili anaweza kukuta kimya kinafungua mlango asioweza kuufunga peke yake. Nyumba makini huuliza mambo hayo kabla ya kumpokea mtu, huuliza na dawa anazotumia, na hakuna mwelekezi mwenye akili atakayemwambia mtu aache dawa kwa ajili ya mafungo. Jibu la kweli kwenye fomu ni muhimu kuliko nia njema.

Jinsi ya kutofautisha inajulikana pia. Fadhaa ya kawaida hupanda na kushuka, huwa na saa zake, humwacha mtu ale na alale, na hupungua anapoisema kwa mwingine. Mtu akikaa usiku wa pili bila usingizi kabisa, moyo ukimwenda mbio hata akiwa amepumzika, akianza kusikia sauti, kujiona amepewa ujumbe mkubwa usioulizwa swali, au kufikiria kujidhuru, hapo si suala la dakika tano za ziada. Vipindi vinapunguzwa au vinasimamishwa, kimya kinavunjwa, jamaa wanaitwa, na daktari anatafutwa. Mwelekezi anayemshikilia mtu wa namna hiyo kikanisani kwa kumwambia ni jaribu la shetani anamtia hatarini. Na mafungo ya peke yako nyumbani, bila mtu wa kukusikiliza kila siku, yanakosa ile nusu saa ambayo ndiyo inayoona mambo haya mapema.

Siku ya mwisho kimya kilivunjwa wakati wa chakula cha mchana, na ukumbi mzima ukapaza sauti kama darasa mwalimu akitoka. Yule mama mwenye kitenge alimfuata Neema mwenyewe. Neema alimpa shikamoo mbili kwa pamoja, mama akacheka, akamwambia kwamba wiki nzima alidhani binti huyu ana msiba, ndiyo maana anakaa mbali.

Bahasha zikarudishwa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe 412, na katika hao uliohitaji jibu ulikuwa mmoja, wa mdogo wake. Neema hakuujibu palepale. Kwenye kikao cha mwisho suala la kazi lilikuwa limerudi mezani. Sista alimwomba alilinganishe lilivyokuwa siku ya tatu na lilivyo sasa. Duka la vipodozi halikuwa na nguvu tena. Alipolifikiria lilimwacha mtupu, kama ndoto za yule askari. Wazo la kumwambia baba kiasi anachoweza kutoa kwa mwezi, na kwamba hakitazidi hapo, lilimtisha kila alipolifikiria, lakini likishapita alibaki mwepesi. Lingine lilikuwa dogo zaidi: kuomba kutolewa zamu za usiku.

Kwenye treni ya kurudi Dar alimpigia baba. Mazungumzo hayakwenda vizuri na simu ilikatwa kabla hajamaliza, ila kiasi alikitaja. Jumatatu aliandika ombi la zamu, mistari minne, akampelekea msimamizi. Amemjibu kwamba watalitazama robo ijayo ya mwaka, na wakati huo huo amemkumbusha kwamba saa yake imekuwa nyekundu mara nyingi mno tangu arudi likizo.